Maji yanapita wapi chini ya tairi: nilichojifunza njia ya Likasi

Mvua ya Januari ilikuwa imekatika dakika chache tu nilipotoka Lubumbashi kuelekea Likasi. Nilikuwa kwenye kilomita 85 kwa saa, njia nyeupe mbele yangu, hakuna lori karibu. Wanaopita huko wanajua malori ya shaba yameifanyia nini lami: magurudumu yao yamechimba mistari miwili mirefu, na mvua ikinyesha mistari hiyo inakuwa mitaro ya maji. Niliingia ndani yake. Sauti chini ya gari ikabadilika, kama mtu anamwaga changarawe kwenye bati. Mashine ikanguruma juu ghafla bila mimi kukanyaga zaidi, na usukani ukawa mwepesi mkononi, haukamati kitu. Njia ilikuwa inakata kushoto kidogo. Gari likaendelea moja kwa moja hadi kwenye majani. Tulisimama mita chache kabla ya kichuguu. Hakuna aliyeumia, na mke wangu hakusema neno mpaka Likasi.

Kesho yake nililipeleka gari kwa kwado wetu mtaani. Nilikuwa na hakika matairi yangu ni mazuri, kwa sababu yalikuwa na meno makubwa pembeni, yale ya kutisha. Kijana akapitisha kidole katikati ya tairi la mbele, akaniambia: "Yaya, hii pine iko na meno, lakini haiko na mifereji."

Alikuwa sahihi, na nataka nieleze kwa nini, maana watu wengi hapa mjini wananunua tairi kwa kutazama mabega yake tu.

Tairi linapokanyaga maji, kazi inafanyika kwa hatua tatu ndani ya urefu wa kiganja. Mbele kabisa, mpira unasukuma maji mengi: mengine yanarushwa pembeni, mengine yanaingia kwenye mifereji mikubwa inayozunguka tairi na kutokea nyuma. Baada ya hapo unabaki utando mwembamba sana wa maji, na huo unakatwa na ile mikato myembamba kama ya wembe iliyochorwa juu ya meno. Mwisho kabisa, nyuma ya hatua hizo mbili, mpira unagusa lami kavu. Ni hapo tu ndipo breki na usukani vinapofanya kazi. Kadiri unavyokwenda kasi, eneo la maji linarudi nyuma na lile kavu linapungua. Likiisha, gari linaelea.

Muda wenyewe ni mdogo mno. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Kama mpira unagusa njia kwa upana wa sentimita 16, na mtaro una maji ya milimita 3, kila tairi la mbele linapaswa kuondoa zaidi ya lita 10 kwa sekunde. Hiyo ni nusu ya bidoni ya maji ya nyumbani, kila sekunde, kwa tairi moja.

Sasa chukua tairi jipya lenye mifereji minne, kila mmoja upana wa milimita 9 na kina cha milimita 8. Zidisha: nafasi ya kupitisha maji ni milimita za mraba 288. Ukanda wa maji unaokuja mbele ni 160 mara 3, yaani 480. Mifereji inameza zaidi ya nusu, na mengine yanatoka pembeni. Tairi langu lilikuwa limebaki na kina cha milimita 2. Nafasi ikawa 72. Mifereji ni ileile kwa macho, minne, upana uleule, lakini nafasi iliyobaki ni robo tu ya ile ya tairi jipya. Tairi halijafika kipara, na hata kile kivimbe kidogo ndani ya mfereji kinachoonyesha milimita 1.6, ambayo ndiyo mwisho wa sheria Ulaya, kilikuwa bado hakijalingana na meno. Kwa lami kavu lingetosha. Kwa mtaro ule halikutosha.

Kosa langu la pili lilikuwa upepo. Kwado alipima akakuta 1.6 bar, wakati kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema 2.2. Watafiti wa NASA, wakichunguza magurudumu ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960, walipata kanuni ambayo bado inatumika kukadiria kasi ya kuanza kuelea pale maji yanapozidi kina cha mifereji:

```
V = 6.35 × √p
```

V ni kilomita kwa saa, p ni upepo kwa kilopaskali, na bar moja ni kilopaskali 100. Kwa 2.2 bar unapata karibu 94. Kwa 1.6 bar unapata 80. Mimi nilikuwa 85. Upepo mdogo unalainisha tairi, linashindwa kusukuma maji na linajipinda ndani katikati, pale pale mifereji ilipo. Lakini usijaze kupita kibandiko ukidhani utakuwa salama zaidi: tairi linasimama kwa katikati tu, na breki inapungua.

Na yale meno makubwa ya pembeni? Yametengenezwa kwa udongo, kwa njia zetu nyekundu za mashamba. Huko shida ni matope yanayoziba. Mifereji myembamba ya tairi la lami inajaa udongo mara moja, na tangu hapo unaendesha kipara. Tairi la matope lina nafasi pana zilizo wazi hadi begani, ili gurudumu likizunguka udongo urushwe nje. Likiwa jipya, nafasi hizo zinameza maji mengi pia. Udhaifu wake ni ule utando mwembamba: mpira unaogusa lami ni mchache, na mikato myembamba ni michache au haipo. Ndiyo maana Hilux yenye tairi za namna hiyo inateleza kwenye mvua za kwanza za Oktoba au Novemba, wakati lami imefunikwa vumbi na mafuta ya kiangazi kizima, hata kama hakuna dimbwi lolote. Anayeishi shambani ayanunue. Anayepita lami siku sita na udongo siku moja achukue ya kati, yenye mifereji mirefu katikati na nafasi wazi begani.

Kuna pia tairi zenye mchoro wa herufi V, na mshale ubavuni. Mshale uelekee mbele gurudumu linapozunguka. Likifungwa kinyume, mchoro unakusanya maji katikati badala ya kuyatoa. Nimeona hivyo mara mbili kwenye magari ya jirani, baada ya kubadilisha tairi haraka haraka kando ya njia.

Kupima kina sina chombo maalum. Nachukua kijiti cha kiberiti, nakisimamisha ndani ya mfereji mbali na kile kivimbe, naweka alama kwa ukucha, kisha nakilaza kwenye rula ya mtoto ya shule. Napima katikati na pande zote mbili. Chini ya milimita 3 silipeleki tena njia ya Likasi wakati wa mvua. Nikinunua mawili tu, mapya yanakwenda nyuma, hata kama gari linavutwa na ya mbele, kwa sababu nyuma ikielea gari linajizungusha na ni vigumu mno kulirudisha. Upepo napima asubuhi kabla ya kutembea, maana tairi likipata moto kipimo kinapanda.

Njiani natazama kioo. Nyuma ya gari langu kukiwa na mistari miwili iliyofutwa maji, tairi linafanya kazi. Mistari ikijifunika papo hapo, napunguza kasi na kutoka kwenye mtaro, naendesha juu ya sehemu iliyoinuka kati ya nyayo za malori. Usukani ukiwa mwepesi tayari, naachia mafuta taratibu, naushika usukani pale pale ulipo, sigusi breki, mpaka nisikie mpira umekamata tena.