Maswali na majibu: kuichambua LC hadi iwe orodha ya karani wa usafirishaji

LC yetu, yaani ahadi ya benki ya mnunuzi kumlipa muuzaji akileta nyaraka sahihi, ina kurasa saba, maandishi yamebanana. Karani aanzie wapi?

Aanze na tarehe, si ukurasa wa kwanza. LC inayokuja kwa SWIFT, mtandao wa ujumbe wa mabenki, kama ujumbe wa aina ya MT700 imegawanywa kwa vifungu vyenye namba, na namba hizo hazibadiliki kutoka benki moja hadi nyingine. Atafute kwanza `44C` (siku ya mwisho ya kupakia melini), `31D` (siku na mahali LC inapoishia) na `48` (siku za kuwasilisha nyaraka). Akishazinakili hizo ndipo aingie kwenye bandari za kupakia na kushusha, `44E` na `44F`, kisha maelezo ya bidhaa, `45A`, na mwisho nyaraka zenyewe, `46A` na `47A`.

Kila sharti lipewe mstari wake, na kila mstari uwe na namba ya kifungu, maneno ya LC kama yalivyo, nani anaandaa, lini iwe mezani, na nani amekagua. Maneno yanakiliwe, yasifupishwe. Maelezo ya bidhaa kwenye ankara lazima yalingane na yale ya LC, na karani aliyeandika "ufuta" tu kwenye orodha yake atamfanya mwandishi wa ankara asahau daraja na mwaka wa mavuno vilivyotajwa kwenye `45A`.

Kosa la kawaida ni kuhesabu nyaraka badala ya masharti. Chukua kifungu kimoja cha hati ya shehena. Kinataka nakala halisi zote tatu, hati ioneshe kuwa mzigo umepakiwa melini, isiwe na maelezo ya kasoro za mzigo, itolewe kwa amri ya benki iliyofungua LC, ioneshe nauli imelipwa, na mnunuzi atajwe kama wa kuarifiwa. Hiyo ni mistari sita. Ukiandika "hati ya shehena" na kuweka tiki moja, tiki hiyo itakuwa imefunika matano ambayo hakuna aliyeyatazama.

Tarehe ziko tatu. Ipi ndiyo ya mwisho kweli?

Hakuna moja ya kudumu. Inajulikana baada ya meli kupakia. Tuseme LC inasema hivi:

```
44C: 260620
31D: 260710
48: 21
```

Kwanza soma tarehe vizuri: zinaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. 260710 ni tarehe 10 Julai 2026, na yeyote anayeisoma kinyumenyume atapata 26 Julai 2010. Kwenye Excel, kama namba iko A1, igeuze hivi:

```
=DATE(2000+LEFT(A1,2),MID(A1,3,2),RIGHT(A1,2))
```

Sasa mzigo ukipakiwa tarehe 16 Juni, siku 21 zinaishia 7 Julai. LC ingali hai hadi tarehe 10, lakini mwisho wako ni tarehe 7. Ukipakiwa tarehe 20 Juni, siku ya mwisho inayoruhusiwa, siku 21 zinafika 11 Julai, ila LC imeshakufa tarehe 10. Kanuni ni kuchukua ile inayotangulia. Ikiwa B2 ni tarehe ya kupakiwa, B3 ni mwisho wa LC na B4 ni siku za kuwasilisha, andika `=MIN(B2+B4,B3)`. Kifungu `48` kikiwa tupu, na LC inafuata UCP 600, kanuni za kimataifa za LC, siku ni 21 za kalenda kwa hati halisi za usafirishaji.

Bado kuna swali la mahali, na ndilo linalowaponza wengi. `31D` ikitaja mji wa benki iliyofungua LC, na hakuna benki ya kwenu iliyoteuliwa kupokea nyaraka, basi tarehe 7 Julai ni siku ambayo nyaraka ziwe zimefika kule, si siku ya kuzikabidhi kwa kampuni ya vifurushi. Kifurushi kikichukua siku 5 za kazi, na benki yenu ikihitaji 2 za kukagua, hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 7, ambayo ni Jumanne, na uruke wikendi. Utaona nyaraka zote zinapaswa kuwa benki yenu kufikia Ijumaa ya 26 Juni. Hiyo ndiyo tarehe ya kuandika kwa wino mwekundu juu ya orodha.

Siku ya mwisho ikiangukia sikukuu?

Mwisho wa LC na mwisho wa kuwasilisha husogea hadi siku ya kwanza ya benki inayofuata, ikiwa benki ya kupokea imefungwa kwa sababu za kawaida. Siku ya mwisho ya kupakia haisogei kamwe.

Hati yetu ya shehena ina tarehe mbili. Tunahesabu kutoka ipi?

Ikiwa juu yake kuna muhuri au maandishi yanayosema mzigo umepakiwa melini na yana tarehe, tumia tarehe hiyo. Kama hayapo, na hati yenyewe imechapishwa kuwa mzigo umeshapakiwa, tumia tarehe ya kutolewa. Hati inayosema tu kuwa mzigo umepokelewa ili upakiwe haitoshi bila maandishi hayo. Karani aiombe rasimu ya hati kwa wakala kabla meli haijaondoka. Kurekebisha baadaye kunakula siku 21 zilezile.

Tulitoa nyaraka zote tano za `46A`, benki ikasema ya sita haipo. Ilitoka wapi?

Karibu hakika ilikuwa kwenye `47A`. Kifungu hicho kinaitwa masharti ya ziada na wengi hukipitia kwa haraka, kumbe ndimo benki huweka vitu kama namba ya LC kuandikwa kwenye kila hati, au tamko la mtengenezaji. Sharti la namba ya LC linagusa hati zote, kwa hiyo liandike kwenye kila hati ndani ya orodha, si mara moja chini.

Humo humo utakuta sharti lisilotaja hati yoyote, mfano umri wa meli. Chini ya UCP 600 benki hulipuuza kwa sababu hakuna hati ya kulithibitisha. Hata hivyo sisi tungelibakiza kwenye orodha na kumuuliza mnunuzi mapema, maana mkataba wa mauzo huenda unalitaka.

Mnunuzi amesogeza tarehe ya kupakia. Nibadilishe mstari mmoja tu?

Fungua orodha mpya yenye namba ya marekebisho, na ukague tarehe zote tatu upya. Tuchukue LC ileile: `44C` imesogezwa hadi 5 Julai lakini `31D` haijaguswa. Ukipakia tarehe 5 umebaki na siku 5 tu, si 21, na kama nyaraka zinapaswa kufika nchi nyingine, LC hiyo haitekelezeki. Omba `31D` isogezwe pia kabla ya kukubali. Marekebisho hayakubaliwi nusunusu: ama yote, ama masharti ya awali yanabaki.

LC inasema magunia 640. Tukipakia 630, ile asilimia 5 inatulinda?

Hapana. Nafuu ya asilimia 5 ya UCP 600, inayoruhusu mzigo kuzidi au kupungua kidogo, haitumiki pale LC inapotaja idadi ya vifurushi au vipande. Ingesema tani, ingewalinda, ilimradi kiasi cha fedha kisizidi. Angalia pia `39A`. Huenda imeruhusu tofauti ya kiasi hicho cha fedha.