Risasi 150: kabla hujakaa kwenye meza ya kuandikisha wapiganaji

Kila kundi jipya likifika hapa Nairobi kwa mafunzo ya usalimishaji silaha, siku ya kwanza sifungui kitabu. Naweka meza mlangoni, naketisha wawili wawe waandikishaji, kisha mimi nageuka kamanda. Mfukoni nina vipande 600 vya mbao, kila kimoja ni risasi. Sharti la zoezi nimeliazima Liberia: anayeleta bunduki, au risasi 150, anaingia kambini, na akitoka analipwa dola 300 kwa awamu mbili.

Mbao zangu nawagawia watu wanne waliojikalia nyuma ya darasa. Namnong'oneza kila mmoja: wewe ni mpwa wangu, ukilipwa nusu ni yangu. Waandikishaji wanahesabu kwa makini, moja moja hadi 150, wanaandika jina na kupiga picha. Mwisho wa zoezi nina dola 600, na bunduki yangu ingali chini ya kitanda. Wale wanne hawajaulizwa swali hata moja.

Msicheke sana. Liberia, baada ya mkataba wa Accra wa Agosti 2003 uliomaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, walijiandikisha watu zaidi ya 103,000 na zikakusanywa bunduki kama 28,000. Mgeni wa kazi hii akiona hivyo anasema mara moja: wizi mtupu. Polepole. Wanawake na watoto walioandamana na vikosi waliruhusiwa kuingia bila silaha, na wanawake na watoto wote walioandikishwa walikuwa yapata 33,000. Ukiwatoa hao, wanabaki wanaume kama 70,000. Risasi zilizokusanywa zilipita milioni 6. Zigawe kwa 150 upate nafasi 40,000, jumlisha na bunduki 28,000: unakaribia idadi ile ile ya wanaume. Hii ni hesabu yangu ya karatasi tu, lakini inaonyesha mlango mpana ulikuwa upi. Bunduki ni moja na mwenyewe anaijua. Risasi hugawanyika kama njugu.

Ndiyo maana nawaambia mwandikishaji asianze na silaha, aanze na mtu. Kikosi gani? Kamanda wako mdogo aliitwa nani, na aliyekuwa chini yake? Mlivuka mto gani mkienda vitani? Kisha mpe bunduki iliyokwisha kutolewa risasi, aifungue na kuirudisha. Aliyeishi nayo mikono yake haisubiri macho. Ila jaribio hili lina ubaya wake: mpishi wa kikosi, au msichana aliyebebeshwa masanduku, atashindwa, na huyo ndiye aliyeteseka kuliko wengi. Kwake uliza njia, mizigo, na nani alilala wapi. Na mwite kando, kamanda asimwone. Makamanda wengi huzichukua bunduki za wanawake siku moja kabla ya kufika mlangoni na kuwapa ndugu zao.

La pili ni idadi. Tarehe 7 Desemba 2003 kambi ya kwanza ilifunguliwa karibu na Monrovia. Walikuja wengi kupita maandalizi, wakadai fedha papo hapo, ghasia zikaingia mjini na watu wakafa. Kazi ikasimamishwa hadi Aprili 2004. Kama orodha ya makamanda haijafika na kukaguliwa, usifungue lango, hata bosi akipiga simu kutoka mbali kwamba wageni wa heshima wako njiani.

Sasa hili ndilo linalonikera. Bunduki huchukuliwa kwa miezi, mafunzo ya ufundi hungoja miaka. Liberia usalimishaji uliisha mwishoni mwa 2004, lakini mpango wa kuwarejesha uraiani ulifungwa 2009. Fikiria kijana aliyeahidiwa useremala: amekula dola 150 za kwanza, miezi mitatu baadaye amepata zile nyingine, na darasa halijafunguliwa. Anarudi kwa nani? Kwa yule yule aliyemlisha porini. Shamba la mpira la Guthrie lilishikwa na wapiganaji wa zamani. Waligema na kuuza utomvu chini ya wakubwa wao wa vitani, hadi serikali iliporudishiwa shamba hilo Agosti 2006. Kwenye karatasi vikosi vilikuwa vimevunjwa.

Kwa hiyo ukitumwa kukagua, usihesabu vyeti vya mafunzo. Nenda jioni, saa ya kulipwa kibarua, ukae pembeni na chai yako. Tazama ni nani anayetoa pesa, na vijana wanamwitaje. Wakimwita kwa cheo, andika hilo kwenye ripoti kabla ya jambo lingine lolote.