Ada na pango vilivyolipwa kabla: kwa nini mhasibu ameviandika upande wa madeni

"Wakuu, nina chekechea hapa Dodoma na vyumba viwili vitatu vya kupangisha Nkuhungu. Mhasibu kafunga hesabu za Desemba, ada za mwakani walizolipa wazazi mapema kaziweka kwenye madeni. Hela iko benki, sijakopa mtu, nadaiwa na nani?"

Unadaiwa na wazazi mkuu, na mhasibu wako yuko sahihi kabisa. Ila hawakudai hela, wanakudai kazi. Wameshakupa hela yao, mtoto bado hajakaa darasani hata siku moja, kwahiyo una jukumu la kumfundisha na ukishindwa kumfundisha ndo linageuka kuwa la kurudisha hela. Watu wengi wanachanganya kupokea na kupata. Hela unaipokea siku mzazi analipa, ila mapato unayapata kidogo kidogo kadiri unavyofundisha.

Nimefanya hesabu za shule ndogo ndogo hapa mjini miaka mingi, ngoja nikupe moja niliyoiona kwa macho, jina la shule naliacha, na takwimu nazirahisisha kidogo zifuatike. Ada 600,000 kwa mwaka, Desemba watoto 40 wakawa wameshalipiwa mwaka mzima unaofuata, jumla 24,000,000. Kwenye vitabu benki inaongezeka 24,000,000 na upande wa pili inaingia akaunti ya ada zilizopokelewa kabla, nayo 24,000,000. Mapato ya Desemba kutokana na hela hiyo ni sifuri. Halafu tunagawa kwa miezi ya kufundisha, Januari mpaka Mei na Julai mpaka Novemba, miezi 10, kwahiyo kila mwezi wa masomo ukiisha unatoa 2,400,000 kwenye deni unaihamishia kwenye mapato. Hapo benki haiguswi, ni uhamisho wa kwenye vitabu tu.

Sasa mwenye shule yeye aliangalia salio la benki, akaona milioni 24, akaona ni faida, akachukua 12,500,000 akanunua matofali na bati aongeze madarasa. Mishahara ya walimu, uji, maji na umeme vinakula kama 1,600,000 kwa mwezi wa masomo, yaani mpaka mwisho wa Mei zilishatoka 8,000,000. Benki ikabaki 3,500,000. Ukifungua vitabu siku hiyo unakuta ameshapata mapato ya 12,000,000, ukitoa matumizi ya 8,000,000 faida yake ya kweli ni 4,000,000, yeye kashachomoa 12,500,000! Hiyo 8,500,000 ya juu ilikuwa ni ya wazazi, ya kufundishia Julai mpaka Novemba. Na miezi hiyo mitano inahitaji 8,000,000 nyingine wakati benki kuna 3,500,000, pengo 4,500,000. Septemba walimu wakaanza kudai mishahara, wazazi hawana cha kulipa tena kwa sababu walishamaliza, na hapo ndo akaingia kwenye mikopo ya riba ambayo haikuwa na sababu. Inaniuma sana hii kwa sababu shule yenyewe ilikuwa inaleta faida.

Kwahiyo kila mwisho wa mwezi weka vitu viwili pembeni kwa pembeni: salio la benki, na gharama za kumalizia masomo ambayo yameshalipiwa. Benki ikiwa chini, ujue umeanza kula hela ambayo hujaifanyia kazi hata kama hakuna anayekudai leo.

Utasikia watu wanasema "mimi risiti yangu imeandikwa ada hairudishwi, kwahiyo ni yangu". Hapana. Maandishi hayo yanahusu kurudisha tu, kazi ya kufundisha bado unadaiwa, na kwa kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 15, kilichoanza kutumika 2018, hela ya huduma ambayo hujaitoa inabaki deni hata kama hairudishwi. Tena salio la akaunti ya ada zilizopokelewa kabla linakusaidia kwenye mazungumzo: mzazi akihama kikazi mwisho wa Mei, kwa mtoto wake bado kuna 300,000 hujaifanyia kazi, na mnaanzia hapo kuongea.

Vyumba vya Nkuhungu ni hivyo hivyo. Mpangaji akikulipa mwaka mzima kuanzia 1 Oktoba kwa 150,000 kwa mwezi, umepokea 1,800,000, ila 31 Desemba mapato yako ni 450,000 ya miezi mitatu na 1,350,000 inabaki deni, inapungua 150,000 kila mwezi anaokaa. Ila kama ulimchukulia na dipoziti ya uharibifu, hiyo usiichanganye humo, iwekee akaunti yake. Pango la mbele linageuka mapato kadiri anavyokaa, dipoziti haigeuki, inakaa deni mpaka siku anatoka na unamrudishia, ukikata tu kile alichoharibu.