Makabidhiano ya Maikrofoni Nayo Yana Dakika Zake

Wadogo zangu mlioingizwa kwenye kamati za hafla mwaka huu, nimeletewa tena ratiba ya kuipitia, na kosa ni lile lile: mwakilishi wa wafanyakazi saa 4:38 hadi 4:45, meneja wa tawi saa 4:45 hadi 4:55. Sasa meneja atatoka kitini saa ngapi?

1. Makabidhiano yaandikiwe dakika. Msemaji akimaliza hupigiwa makofi na kurudi kitini, emsii humtambulisha anayefuata, naye huinuka, hupeana mikono na meza kuu, hushusha maikrofoni, husalimu. Wekeni dakika 2. Ratiba niliyoletewa ina vipengele 7 vya jumla ya dakika 75, kuanzia saa 4:30, na imeandikwa kwamba itakwisha saa 5:45. Makabidhiano 6 yataisogeza hadi saa 5:57, hata kama hakuna msemaji aliyezidisha sekunde.

2. Angalieni adhuhuri ya siku hiyo hiyo. Hapa Mombasa, katikati ya Februari, adhuhuri huingia kama saa 6:35, na mwanzoni mwa Novemba huingia mapema, kama saa 6:05. Ukinakili ratiba ya Februari kwa hafla ya Novemba, umepoteza nusu saa. Siku ya Ijumaa kuna hotuba na watu wanataka kuwahi msikitini, kwa hivyo malizeni mapema zaidi.

3. Wakubwa wasialikane wenyewe kwa wenyewe. Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu nililiona kwenye hafla ya kampuni moja ya mizigo, mwezi huo huo wa Novemba. Mkuu wa rasilimali watu alizungumza dakika zake 5 sawasawa, kisha badala ya kumrudishia emsii maikrofoni akamwita meneja. Meneja, kwa nia njema kabisa, akasema kabla hajaanza angependa wakuu wa idara wasimame wawasalimu watu. Walikuwa 6. Wa tatu akaanza kueleza mafanikio ya idara yake, na waliomfuata wasingekubali zao zisitajwe. Salamu hizo, ambazo hazikuandikwa popote, zilichukua dakika 22, na kila aliyeshika maikrofoni alianza itifaki upya kuanzia meza kuu. Emsii alikuwa kando, mikono mitupu, hana njia ya kuingia. Adhana ilimkuta mkurugenzi katikati ya hotuba. Akanyamaza kwa heshima, watu wakatoka kwenda kuswali, tuzo zikasogezwa baada ya chakula. Jina la mwisho kwenye orodha ya tuzo lilikuwa la karani wa ghala aliyekuwa anastaafu, amekuja na mkewe na wajukuu kutoka Likoni. Alipoitwa, mkurugenzi alikuwa keshaondoka kuwahi ndege, viti vingi vilikuwa vitupu, na wahudumu walikuwa wanakusanya sahani. Kosa hilo lilikuwa kwenye karatasi tangu wiki iliyotangulia: hakuna mstari uliosema maikrofoni inarudi kwa nani.

Basi andikeni hivi: kila msemaji anamrudishia emsii. Mwaliko mmoja tu uachwe, ule wa mwenyeji kumkaribisha mgeni rasmi, maana adabu inautaka. Itifaki isomwe na emsii mara moja mwanzoni, na wasemaji waambiwe mapema kwamba wao watasema tu itifaki imezingatiwa. Wakuu wa idara wasimame pamoja, emsii awataje majina, wapungie watu mkono, waketi. Dakika 2 zinatosha, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

4. Tuzo hazipimwi kama hotuba. Mtu akitoka meza ya nyuma, apokee na apigwe picha, ni dakika 2. Tuzo 20 ni dakika 40, na ninyi mmeandika 30. Waiteni watano watano wasubiri kando ya jukwaa, dakika moja na nusu itatosha. Anayestaafu awe wa kwanza.

5. Tengenezeni nakala mbili. Ya wageni iwe na mpangilio na saa za kuanza, kuvunja kwa swala na chakula tu. Ya emsii na fundi wa sauti iwe na yote, mstari kwa mstari, mfano: «4:47 hadi 4:57, meneja wa tawi, dakika 10, maikrofoni ya jukwaani, kadi ya njano dakika ya 8, anarudisha kwa emsii.» Meneja mwenyewe mwambieni ana dakika 8.

Na chini ya nakala ya emsii, andikeni kitakachokatwa mkichelewa kwa dakika 10, na kitakachokatwa mkichelewa kwa 20. Mpelekeeni mkubwa wenu aidhinishe siku moja kabla, kwa sababu saa 5:40 ukumbini emsii hawezi kwenda meza kuu kumuuliza.