Zawadi ya Disemba na deni la elfu themanini

"Shangazi, dada anaenisaidia nyumbani anaenda kwao Pemba tarehe 28. Mshahara wake laki na hamsini, kaanza mwezi wa tatu. Nataka nimpe zawadi ya mwisho wa mwaka ila ana deni langu elfu themanini, nilikuwa nataka nikate humo humo, na nguo zangu za zamani niongezee. Mume wangu anasema nampunja. Na mlinzi tunaechangia nyumba tatu nae nimpe ngapi?"

Mwanangu, hapa mumeo kakushinda. Ukikata deni kwenye zawadi huyo dada hajapewa zawadi, kalipa deni tu, tena kwa siku uliyoichagua wewe. Deni lina njia yake, kaa nae mkubaliane elfu ishirini ishirini kuanzia mshahara wa Januari, miezi minne limekwisha. Na ukiamua kumsamehe msamehe, lakini usiliite zawadi maana deni ulilosamehe halilipi nauli ya boti.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mie naona aliemaliza mwaka apewe sawa na mshahara wa mwezi mmoja, ambae hajamaliza umgaie kwa miezi. Laki na hamsini gawa kwa kumi na mbili unapata elfu kumi na mbili na mia tano, yeye kafanya kazi miezi kumi, basi laki moja na ishirini na tano. Huna? Mpe nusu, hakuna aliekulazimisha, ila mshahara wa Disemba uwe mzima na uwe mbali, usije ukamwambia hii yote ndo hiyo hiyo. Na mkono wa Idi uliompa hauhesabiwi humu.

Mpe tarehe 25 au 26, sio asubuhi ya safari begi liko mlangoni, apate kupita Darajani akanunue vya watoto kwa raha zake. Muite chumbani, mpe bahasha, basi. Mie mwaka mmoja nilimkabidhi dada wangu khanga mbele ya mashoga zangu, wakapiga vigelegele, nae akacheka. Kaondoka harudi, khanga nikaikuta kabatini kwake imekunjwa vile vile na karatasi yake. Mpaka leo naiona ile karatasi.

Nguo zako mpe hata wiki ijayo, umuulize kwanza kama anazitaka, zisikae na bahasha.

Mlinzi sasa. Kama kila nyumba inatoa elfu sabini kwa mwezi na kamaliza mwaka, fungu lako ni elfu sabini, ongea na majirani zako mzitie pamoja apokee laki mbili na kumi mara moja. Wakikataa toa lako peke yako na usimwambie nani kakataa, yeye usiku bado anawafungulia geti wote watatu.