Kipimo kinasema maji ni mazuri, mpunga unaungua ncha

"Naishi Nairobi, shamba langu la mpunga liko karibu na Kipini. Kijana wangu hupima chumvi mferejini kila Jumatatu na kunitumia 0.8, lakini majani yanakauka ncha. Kosa liko wapi?"

Ndugu, huenda hiyo 0.8 ni sahihi, ila haielezi yaliyomo jarubani. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto, hivyo hupanda Tana yakitambaa chini, na kikombe kilichochotwa juu juu huyakosa. Mwambie ashushe chupa hadi kina cha lango la kuingizia maji, apime wakati wa maji kujaa, hasa siku za bamvu, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ratiba ya Jumatatu haijui mwezi.

Kisha apime kona ya jaruba iliyo mbali na lango, na mtaro wa kutolea maji. Maji yaliyoingia yakiwa 0.8 dS/m kwa kina cha sentimita 10, yakabaki sentimita 5 kwa mvuke peke yake, chumvi hufika takribani 1.6; kona ikisoma 2.6, basi chumvi nyingine inatoka ardhini au kwenye mtaro unaorudisha maji ya bahari. Mavuno huanza kuathirika maji ya jarubani yanapokaribia 2, na miche michanga pamoja na mpunga unaochanua huumia zaidi. Ikifika hapo, mwageni maji bahari inapokupwa, mfunge lango la mtaro kabla haijajaa, kisha mwingize maji mapya.