Maneno ya wakala mpya kwa mpita njia, chini ya nusu dakika

Ukifungua kibanda cha uwakala wa pesa za simu karibu na kituo cha daladala, wengi wanaopita hawatasimama kusikiliza maelezo marefu. Wana maswali matatu kichwani: pesa ipo, nitakatwa kiasi gani, na je, huyu hatanitapeli? Maneno yako yajibu hayo matatu tu. Historia ya mtandao na ofa za mwezi ziache.

Mimi husema hivi:

"Karibu, dada. Natoa na kuweka, Voda, Airtel na Mixx. Keshi ipo, hadi laki tatu sasa hivi. Makato ni ya mtandao, bango hili hapa, mimi siongezi kitu. Utabonyeza mwenyewe, utasoma jina la wakala na kiasi, ndipo uthibitishe. Namba ya siri usimtajie mtu, hata mimi. Unatoa au unaweka?"

Ukiyasema kwa mwendo wa kawaida, bila kukimbia, nusu dakika haiishi. Yapime kwa saa ya simu. Yakizidi, punguza maneno, usiongeze kasi, kwa sababu anayesikia mtu akiongea haraka kuhusu pesa zake huingiwa na shaka. Kwa mzee, shikamoo itangulie, na orodha ya mitandao iache mpaka aulize.

Sehemu inayowashinda wageni wa kazi hii ni ile "hadi laki tatu". Haipaswi kuwa ileile asubuhi hadi jioni. Tuseme umeanza na mtaji wa 600,000: keshi 350,000 na floti, yaani salio la pesa kwenye laini yako ya uwakala, 250,000. Unataja laki tatu ili ubaki na akiba kidogo ya chenji. Anakuja mteja anatoa 200,000. Keshi imeshuka hadi 150,000, na floti imepanda hadi 450,000, kwa kuwa alichotoa kimeingia kwenye laini yako ya uwakala. Mtaji ni uleule, ila umehamia upande mwingine. Ukiendelea kutangaza laki tatu, anayefuata atapanga foleni, atabonyeza, na mwishowe utamwambia asubiri ukatafute keshi kwa jirani. Huyo harudi. Badilisha kauli palepale: "Natoa hadi laki moja, na ukitaka kuweka, hata laki nne karibu." Anayeweka atakurudishia keshi. Kwa hiyo baada ya kila muamala mkubwa, tazama droo na salio la floti kabla hujafungua mdomo.

Kuhusu makato, usitaje kwa kichwa. Viwango huenda kwa madaraja ya kiasi na hubadilika, na tangu tozo ya miamala ianze Julai 2021 watu wanauliza zaidi. Onyesha kwa kidole mstari wa kiasi chake kwenye bango la sasa. Hapo ndipo atakapoona pia kwamba kutoa mara moja mara nyingi humgharimu kidogo kuliko kugawa kiasi hichohicho vipande vipande. Mwambie hata kama kamisheni yako itapungua.

Usalama mteja huuamini akiuona. Ndiyo maana maneno yanataja jina la wakala: jina atakaloliona kwenye simu lazima lilingane na lile lililoandikwa kibandani kwako. Kama laini imesajiliwa kwa jina la mwenye duka, andika hilo bangoni, la sivyo ahadi yako itamtia hofu badala ya kumtoa. Kiasi anachotoa usikitamke kwa sauti, wapo wanaosikiliza. Na mama akikuambia "mwanangu, nibonyezee," msomee menyu hatua kwa hatua huku simu ikiwa mkononi mwake. Akizidiwa kabisa, msaidie mpaka pale panapoomba namba ya siri, kisha mrudishie simu na ugeuze uso pembeni, waziwazi aone.

Neno "haraka" sikuliweka makusudi. Uharaka wa wakala unategemea mtandao, nao siku nyingine hukwama katikati. Ikitokea, mteja atataka kubonyeza tena. Mzuie kwa upole: "Dada, tuangalie salio kwanza, isije ikakatwa mara mbili." Wewe nawe angalia salio la floti kwenye menyu yako, wala usiamini ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake, maana ujumbe wa kughushi unaweza kufanana kabisa na wa kweli. Floti ikiwa imepanda, hesabu noti mbele yake na umpe. Kama haijapanda, keshi isitoke, hata akisema gari linamwacha. Mweleze kuwa muamala haujafika kwako, na kama kwake pesa imekatwa, mpigieni pamoja huduma kwa wateja ya mtandao wake.